"Tutafutwa?" Namna ya Kulijibu Swali Hilo Mbele ya Wafanyakazi Wote

Mfanyakazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wafanyakazi wote anayajua maneno haya: "tumelichukua hilo," "tutaliangalia," "tutalifanyia kazi." Husemwa kwa upole, na aliyeuliza hushukuru akaketi. Shida huanza jioni, mwenzake wa zamu ya usiku anapomuuliza, "Sasa walisema nini?" Hana la kumwambia. Upande wa pili yuko kiongozi mwenye huruma. Anatazama nyuso zilizojaa hofu, moyo unamlainika, anatamka, "Msiwe na wasiwasi, hapa hakuna atakayepoteza kazi." Watu wanapiga makofi. Hakuwa na mamlaka ya kutoa ahadi hiyo, na ikivunjika, kila atakachosema kwenye mabaraza yajayo kitapimwa kwa siku hiyo.

Nataka tushughulike na swali moja tu, zito kuliko mengine: je, tutafutwa? Anayeweza kuliandalia swali hilo jibu kabla ya baraza hatasumbuliwa sana na yale ya nyongeza ya mshahara, zamu au bima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya usambazaji wa bidhaa ina wafanyakazi 140. Ofisi iko Westlands, na ghala lenye watu 62 liko Barabara ya Mombasa. Mkataba wa kukodi ghala unaisha tarehe 30 Septemba. Mwenye jengo anataka kodi kubwa zaidi, na menejimenti inapima mambo mawili: kumlipa, au kuhamia ghala dogo Athi River. Bodi itakutana Ijumaa tarehe 14 Agosti. Baraza limepangwa Jumatano tarehe 22 Julai. Watu wa ghala wameshaona wageni wakipima sakafu kwa futi kamba. Swali litaulizwa, menejimenti itake isitake.

Kazi ya kwanza ni kulipata swali likiwa kama lilivyo. Anza kuyakusanya maswali siku saba kabla. Kwa watu wa ofisini, fomu ya mtandaoni inatosha, ila iangalie vizuri. Kwenye Google Forms, sehemu ya `Collect email addresses` iwe `Do not collect`, na `Limit to 1 response` isiwashwe. Hiyo ya pili haimpi mwenye fomu jina la mtu, lakini humlazimisha anayejibu kuingia kwa akaunti yake kwanza, na mtu akiona anadaiwa kuingia huamini anafuatiliwa, kisha huandika swali la adabu au haandiki kabisa. Kumbuka pia kwamba kila jibu huhifadhiwa pamoja na saa lilipotumwa. Swali lililotumwa saa nane usiku, katika kampuni ambayo watu wanne tu huwa kazini saa hiyo, lina jina juu yake hata kama jina halikuandikwa. Futa safu ya saa kabla hujampa mtu mwingine orodha hiyo.

Watu wa ghala wengi hawana barua pepe ya kazi. Wawekee sanduku lenye kufuli kwenye kantini, karatasi na kalamu kando yake, na ufunguo ukae kwa mwakilishi waliyemchagua wenyewe. Usikae kwa msimamizi wao.

Hapa ndipo baraza nyingi huharibika kabla hata ya kuanza. Mtu wa mawasiliano huyakusanya maswali na kuyasafisha. Karatasi ilisema, "Ni kweli mnatufuta Septemba mhamie Athi River?" Skrini inasema, "Je, menejimenti ina mipango gani kuhusu mabadiliko ya shughuli zetu?" Aliyeandika amekaa safu ya nne, anaona swali lake limevishwa suti, na hapohapo anajua kikao hiki si chake. Sheria iwe rahisi. Maswali yanayofanana yaunganishwe, na kati ya hayo lisomwe lililo kali zaidi, kwa maneno ya mwenyewe. Linaloondolewa ni lile linalomtaja mfanyakazi mmoja kwa jina, kwa mfano kwa nini fulani alisimamishwa. Taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria hiyo si haki kumjadili mtu mbele ya watu 139. Swali la namna hiyo hugeuzwa kuwa la utaratibu: hatua za nidhamu zinafuatwaje, na nani husikiliza rufaa.

Maswali yakishapatikana, viongozi watakaojibu wakae pamoja, na kila swali walitie kwenye moja ya mafungu manne. Liko lile ambalo jibu linajulikana na linasemeka. Liko lenye jibu linalojulikana lakini halisemeki kwa sasa, kama kiasi cha kodi kinachojadiliwa na mwenye jengo. Liko ambalo bado halijaamuliwa. Na liko ambalo jibu lake ni hapana. Makosa mengi hutokana na kuchanganya mafungu. Kiongozi hulijibu swali lililoamuliwa kana kwamba bado linafikiriwa, au hulificha "hapana" ndani ya "tutaangalia". Fungu la pili lisemwe wazi kuwa ni la pili: "Kiasi hicho nakijua, siwezi kukisema leo kwa sababu mazungumzo yanaendelea, na nitaweza kukisema mkataba ukishasainiwa." Watu wazima wanaelewa siri yenye sababu na mwisho. Wanachochukia ni kuambiwa hakuna siri.

Swali la ghala liko fungu la tatu, na fungu hilo lina masharti yake. Jibu la jambo lisiloamuliwa linapaswa kueleza nani anaamua, lini, anapima nini, na wafanyakazi watajua siku gani. Kikikosekana kimoja, jibu hugeuka "tutaliangalia" lililorefushwa.

Kabla ya kuandika jibu lenyewe, kuna jambo la lugha yetu ambalo viongozi hulisahau, hasa wale wanaofikiri kwa Kiingereza wakishafika kwenye masuala ya fedha. Kiambishi "-ta-" kinabeba mizigo mingi. "Mshahara utaongezwa Julai" inaweza kuwa utabiri, mpango, uamuzi au ahadi, na msikilizaji mwenye karo ya kulipa atachagua ahadi. Hakuna sauti wala tabasamu linaloweza kumzuia. Kwa hiyo kwenye mambo mazito, "-ta-" isisimame peke yake. Sema "tumeamua" kwa kilichoamuliwa, "tunakusudia" kwa mpango unaoweza kubadilika, ukitaja kitakachoubadilisha, na "naahidi" kwa kile tu kilicho mikononi mwako. "Tunakusudia kuongeza mshahara Julai, endapo mkataba wa Nakuru utasainiwa kabla ya Juni" ni sentensi ndefu kidogo, lakini hakuna atakayeenda dukani kukopa kwa kuitegemea bila kujua anachokitegemea. Neno la kuogopa zaidi ni "tutahakikisha". Mara nyingi anayelisema hana uwezo wa kuhakikisha chochote.

Sasa jibu. Mkurugenzi mkuu anayelikwepa swali atasema: "Asante kwa swali zuri. Kampuni inathamini kila mfanyakazi, na kama mnavyojua mazingira ya biashara yanabadilika. Tutaendelea kuwashirikisha." Toa sifa zote uone kinachobaki: hakuna mtu, tarehe wala kitendo. Anayeahidi kupita kiasi atasema: "Hata tukihama, tunahama sote." Bodi haijakutana, ghala la Athi River ni dogo, na yeye anajua.

Jibu linalosimama linaweza kuwa hivi:

"Hatujaamua. Ghala linaweza kuhama, na likihama, baadhi ya kazi zinaweza kuondoka. Sitawaambia kwamba haiwezekani. Mkataba wa jengo unaisha tarehe 30 Septemba. Bodi ndiyo inayoamua, na inakutana Ijumaa tarehe 14 Agosti. Inapima kodi mpya hapa dhidi ya gharama za kuhamia Athi River. Naahidi mambo mawili. La kwanza, Jumatatu tarehe 17 Agosti, saa tatu asubuhi, nitakuwa ghalani mwenyewe kuwaambia bodi ilisema nini. Hata ikiahirisha, nitakuja kuwaambia imeahirisha. La pili, hakuna barua ya kupunguza watu itakayotoka kabla ya siku hiyo."

Neno "hatujaamua" limewekwa mwanzo kwa makusudi. Kila linalosemwa kwenye baraza hurekodiwa na mtu kwa simu, na kipande cha nusu dakika kitakuwa kwenye kundi la WhatsApp kabla viti havijakunjwa. Jibu linaloanza na historia ya mkataba likikatwa katikati hugeuka jambo jingine kabisa. Kisha angalia ahadi zenyewe. Hazihusu matokeo, kwa kuwa matokeo ni ya bodi. Zinahusu mwendo: siku ya kurudi na barua zisizotoka mapema, vitu ambavyo mkurugenzi anavimiliki. Na hofu haikufichwa. Mtu aliyeambiwa Julai kwamba kazi inaweza kuondoka anaweza kuahirisha kununua pikipiki kwa mkopo. Aliyepewa tabasamu hawezi.

Je, kwa nini asiende mbali zaidi na kusema, "Huenda watu 30 wakaondoka," ikiwa hesabu ya ndani inaonyesha hivyo? Hapa sheria inaingia, na kila atakayeshika maiki anapaswa kuijua. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kibiashara amjulishe chama cha wafanyakazi, kama mfanyakazi ni mwanachama, pamoja na afisa wa leba wa eneo hilo, angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama anajulishwa yeye binafsi kwa maandishi, na afisa wa leba pia. Wa kuondoka huchaguliwa kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu kazini. Mahakama za Kenya zimesisitiza kwamba notisi hiyo ni ya kufungua mashauriano ya kweli. Kiongozi anayetaja idadi mbele ya watu kabla ya hatua hizo anampa wakili wa mfanyakazi hoja kwamba uamuzi ulishafanywa na mashauriano yalikuwa ya kupitisha muda tu. Na kwa binadamu waliokaa pale, namba 30 kati ya 62 inamfanya kila mmoja amtazame jirani yake.

Jambo hilohilo linawahusu wasimamizi. Anayemnong'oneza mfanyakazi "wewe huguswi" ametoa ahadi kwa niaba ya kampuni kuhusu uteuzi ambao vigezo vyake viko kwenye sheria. Waite wasimamizi saa moja kabla ya baraza, wape majibu yaleyale kwa maandishi, na waambie sentensi moja ya kutumia wakibanwa: "Ninachojua ni kilichosemwa barazani, sijui zaidi." Ukiwaruka, watabuni, maana maswali mengi huulizwa kwao kesho yake, wakati magari yanapakiwa.

Swali la pili litakuja papo hapo: "Na ikitokea, tutalipwa nini?" Lijibu, kwa sababu kiwango cha chini kiko kwenye sheria na si siri ya kampuni. Anza kwa kusema, "Hili si tangazo, ni sheria inavyosema." Malipo ya kuachishwa ni mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyefanya kazi miaka saba na miezi minane, akilipwa shilingi 36,000 kwa mwezi, anahesabiwa miaka saba. Ukichukua siku 15 kuwa nusu ya mshahara wa mwezi, hiyo ni 18,000 mara saba, yaani 126,000. Juu yake kuna notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, na siku za likizo ambazo hajazichukua hulipwa kwa fedha. Afisa wa rasilimali watu awe na hesabu hii kwenye karatasi. Asiifanye kichwani akiwa amesimama, kwa kuwa kosa la sifuri moja litasambaa kuliko jibu.

Mazoezi ya majibu haya yafanyike siku mbili kabla, kwa dakika 90, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwa mwiba. Kwa kila jibu aulize mara tatu: "Yaani?" "Lini?" "Na isipokuwa hivyo?" Majibu mengi huporomoka kwenye "lini". Ni afadhali yaporomoke hapo, bado kuna siku mbili za kumpigia simu mwenyekiti wa bodi na kuomba ruhusa ya kutaja tarehe ya kikao.

Siku yenyewe, mahali pana maana kuliko slaidi. Ikiwa swali kubwa ni la ghala, baraza lifanyike ghalani, na watu wa Westlands ndio wafuatilie kwa kiungo. Mara nyingi huwa kinyume: ofisi imejaa viti na chai, na watu 62 wamezunguka kompyuta moja inayokatika sauti. Saa nayo ichaguliwe kwa kuangalia zamu. Zamu ya usiku ikitoka saa kumi na mbili asubuhi, baraza la saa nane mchana limewafungia mlango, au limewatoza nauli na usingizi. Lianze saa kumi na mbili na robo, wanaotoka na wanaoingia wakutane, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi.

Saa moja inatosha. Dakika tano za kufungua, hamsini za maswali, tano za kusoma ahadi zilizotolewa. Hotuba ya nusu saa kuhusu mafanikio ya robo mwaka ni namna ya kula muda, na kila aliyeko ukumbini anaijua. Swali la ghala liwe la kwanza. Likiachwa mwisho, hakuna atakayesikia yaliyotangulia. Baada yake yachukuliwe machache yaliyoandikwa na wengi, kisha mawili kutoka kwa makundi madogo, maana wasafishaji sita hawatawahi kushinda kura za watu 140, halafu maiki iwe wazi.

Nani anaibeba hiyo maiki? Akiwa msimamizi, atapita kwa mkono ulioinuliwa na mtu mpole. Mpe mtu wa idara nyingine, asiyemwajibisha yeyote kwenye safu zile, na aende kwa mpangilio wa safu. Lugha nayo ifuate swali. Lililoulizwa kwa Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili, hasa kwenye fedha na sheria, mahali ambapo viongozi wengi hukimbilia Kiingereza bila kujua. Kwa mwenye wasiwasi, kubadili lugha kunafanana na kufunga pazia.

Mwendeshaji wa baraza ndiye mtu wa kuchaguliwa kwa makini zaidi, kwa maoni yangu kuliko hata wajibuji. Anahitaji ruhusa, iliyotolewa mapema na mkurugenzi mwenyewe, ya kumkatiza mkurugenzi. Kila jibu likiisha, alirudie kwa sentensi moja: "Kwa hiyo jibu ni kwamba haijaamuliwa, bodi inaamua tarehe 14 Agosti, na Jumatatu saa tatu utakuwa hapa." Akishindwa kulifupisha, jibu halikutolewa, na aseme hivyo: "Bosi, sijapata tarehe." Halafu amgeukie aliyeuliza. Asimuulize, "Umeridhika?" Kwa adabu zetu, mbele ya wakubwa, mtu atasema ndiyo. Amuulize, "Kipi kimebaki?" Swali hilo linampa nafasi ya kuendelea bila kuonekana mkaidi.

Itatokea swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Mtu asimame na kusema, "Mbona vibarua wa hapa wana miaka mitatu bila mkataba wa kudumu?" Hapo jibu la haki ni fupi: "Silijui vya kutosha kulijibu sasa. Mkuu wa rasilimali watu atakuwa na jibu la maandishi Ijumaa, libandikwe kantini." Mkuu huyo akubali kwa sauti yake, hapohapo. Kazi iliyokabidhiwa mtu asiyesema ndiyo hupotea.

Na hasira? Anayepaza sauti aachwe amalize, isipokuwa anamtukana mtu. Kiongozi asijibu hasira, ajibu swali lililo ndani yake.

Baada ya saa 48, maswali yote na majibu yake yawe yamebandikwa, pamoja na yale ambayo muda haukutosha. Karatasi iwe na safu nne tu: swali kwa maneno yake, jibu, mwenye jukumu, tarehe. Ibandikwe kwenye ubao wa kantini na kutumwa kwa barua pepe, maneno yaleyale. Zikitofautiana hata kidogo, watu wataweka picha mbili kando kwa kando.

Usihesabu mafanikio kwa wingi wa makofi wala kwa uchache wa maswali. Fomu iliyokuja na maswali 40 mara ya kwanza na matano mara ya tatu haikuleta amani. Mara nyingi watu wamechoka kuandika. Dalili ya kuangalia ni swali lilelile kurudi baraza la pili kwa maneno mapya. Lililojibiwa huwa halirudi, hata kama jibu lilikuwa hapana.

Jumatatu tarehe 17 Agosti ikifika, mkurugenzi awe ghalani saa tatu kamili. Tuseme bodi imeahirisha hadi tarehe 28. Ashike ile karatasi ya kantini, asome mstari wake mwenyewe, na aseme: "Niliwaambia bodi itaamua Ijumaa. Haikuamua. Iliomba hesabu mpya ya usafiri wa Athi River, na itakutana tena tarehe 28. Mkataba wa jengo bado unaisha tarehe 30 Septemba, kwa hiyo nimemwomba mwenye jengo mwezi mmoja zaidi, na hajanijibu. Jumatatu tarehe 31, saa tatu, nitakuwa hapa." Kisha achukue kalamu, akate tarehe ya zamani kwa mstari mmoja bila kuifuta, na aandike mpya kando yake.